Nilivyotangaza kazi mpya LinkedIn bila kuwaudhi nilikotoka

Kila niliyemwambia nimepata kazi alikuwa na ushauri wake kuhusu posti ya LinkedIn, na karibu wote ulikuwa mbovu. Mmoja akasema nipige picha nimeshika barua ya ajira. Mwingine akasema niwatagi watu wengi iwezekanavyo ili posti isambae. Wa tatu, rafiki yangu kabisa, akaniandikia yeye mwenyewe akanitumia WhatsApp, nibaki na kazi ya kukopi na kupesti tu. Vyote nilikataa, na posti yangu ilienda vizuri hadi bosi niliyemuacha akawa wa kwanza kukomenti.

Nilikuwa kampuni ya klearingi na fowadingi hapa Dar, kitengo cha nyaraka, nimehamia kiwandani kusimamia mizigo tunayoagiza, yaani sasa niko upande wa mteja. Wanaofanya kazi za bandarini wanajua hii dunia ni ndogo sana. Wale niliowaacha kesho wanaweza kuja kuomba tenda ya kututolea mizigo, na mimi kesho naweza kumpigia mmoja wao usiku kuuliza kontena limekwama wapi. Ndio maana wakati naandika sikuwafikiria mamia ya watu walioniconekti huko LinkedIn, niliwafikiria wale wachache waliobaki kwenye zile meza, ambao siku nimeondoka waligawana mafaili yangu juu ya mafaili yao na hakuna aliyewaongezea mshahara kwa hilo.

Ile ya rafiki yangu ilikuwa hivi: "Hatimaye! Baada ya miaka ya kuvumilia, Mungu amejibu. Leo nimepanda ngazi nyingine." Halafu inaendelea na cheo, na sifa za kampuni mpya, chini kabisa mwishoni ndio "pia naishukuru kampuni yangu ya zamani." Mwenyewe aliona ni nzuri na ina shukrani. Nikamtumia dada mmoja tuliyekaa naye meza moja miaka yote, sikumwambia nani kaandika, nikamuuliza tu, dada angu ukisoma hii unasikia nini kuhusu ofisi? Akanijibu kwa vois noti, "Mdogo wangu, nasikia ulikuwa jela."

Na ukiisoma tena unaona alikuwa sahihi. Ukisema hatimaye, maana yake ulikuwa unasubiri kutoka. Ukisema ulivumilia, aliyekaa na wewe atajiuliza kama ni yeye ulikuwa unamvumilia. Ngazi nyingine nayo inamuweka yeye ngazi ya chini. Hakuna tusi hata moja mle ndani lakini wote wangeumia, na ile asante ya mwishoni isingeokoa kitu kwa sababu wengi wasingefika huko.

Hapo ndipo kwenye jambo ambalo hakuna aliyeniambia. LinkedIn haionyeshi posti nzima mtu akiwa anaskroli. Kwenye simu inaonyesha mistari ya juu, mitatu hivi, halafu inakata mpaka abonyeze "more". Kwa hiyo ukianza na cheo kipya na shukrani ukaipeleka chini, wenzako wa zamani wengi watakachoona ni cheo tu. Mimi nikapindua. Shukrani nikaiweka juu pale pasipokatwa, kazi mpya ikafuata, na shukrani yenyewe nikaifanya iwe na kitu kinachoshikika, maana "nawashukuru kwa kila kitu" ndiyo sentensi ya mtu asiyekumbuka hata kimoja.

Nilifikiria nini hasa nilifundishwa pale. Mkuu wetu wa kitengo, mzee mkali kidogo, alikuwa haruhusu faili liingizwe kwenye mfumo wa forodha kabla hujaweka BL, ile hati ya mzigo inayotolewa na kampuni ya meli, invoisi na pakingi listi mezani, halafu usome namba ya kontena kwa sauti, zile herufi nne na tarakimu saba, moja baada ya nyingine kwenye kila karatasi inapotokea. Mwanzoni tuliona anatuchelewesha. Lakini tarakimu moja ikikosewa kwenye BL inabidi irekebishwe, na wakati unahangaikia marekebisho siku za bure zinaisha na kontena linaanza kuhesabiwa gharama za kuchelewa, storeji na demareji. Basi nikaandika:

"Mkuu wangu wa kitengo alinifundisha kusoma namba ya kontena kwa sauti kwenye kila karatasi kabla ya kugusa kompyuta. Tabia hiyo, na timu nzima ya nyaraka iliyonibeba, ndiyo ninayoenda nayo kiwandani, ambako nimeanza kusimamia uingizaji wa malighafi. Asanteni sana, bado nitawasumbua kwa maswali."

Ni hiyo tu. Kazi mpya imo, ila imeelezwa kwa nitakachokifanya, sikuipamba. Sikusema nimechaguliwa kati ya wangapi, sikugusa mshahara, na sikutaja kwamba nitakuwa na sauti kwenye kuchagua mawakala, maana hiyo ingekuwa kama kuwaambia wenzako waje wakubembeleze. Majina ya wateja wa zamani pia sikuyataja hata la mmoja, hiyo ni siri ya kampuni hata ukishaondoka.

Kuhusu muda, msikubali kuposti siku mmepata ofa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka anayelipwa kwa mwezi atoe notisi isiyopungua siku 28, na hizo siku bado uko ofisini kwao, unakabidhi mafaili, unasubiri malipo yako ya mwisho na cheti cha utumishi. Ukitangaza kabla, wateja wanaanza kukuuliza unaenda wapi na bosi anahisi umeshaondoka kichwani. Mimi niliposti nikiwa tayari naingia geti la kiwanda kila asubuhi, na nikamuuliza kwanza mtu wa HR kama wanaruhusu kutaja jina lao, akasema hakuna shida.

Na kabla ya kuposti nilimpigia mzee. Shikamoo, halafu nikamsomea mistari yote, nikamuomba ruhusa ya kumtagi. Akanyamaza kidogo, akasema "weka, ila jina la pili andika vizuri." Niliwatagi yeye na kampuni zote mbili basi, maana ukitagi watu 40 wote wanapata notifikesheni na wasiohusika wanaona unawatumia.

Kitu kingine, unapoongeza kazi mpya kwenye profaili kuna swichi ya "Notify network", izime kwanza. Ukiiacha LinkedIn inaweza kuwatangazia watu yenyewe kwa maneno yake, na maneno yako yanakuja yamechelewa. Na kazi ya zamani iwekee mwezi wa kuishia, la sivyo profaili inaonyesha uko sehemu mbili. Picha nilipiga ya kawaida studio za mtaani, elfu kumi na kitu, bila barua yoyote mkononi. Ile barua ina saini na pengine hadi mshahara, ya nini kuianika?

Baada ya hapo kazi ilibaki kwenye komenti. Kuna jamaa aliandika "hongera kwa kutoka utumwani", tena ana urafiki na nusu ya ofisi yetu. Ukimuwekea laiki umekubali, ukinyamaza wanaona umekubali. Nikajibu pale pale, "Asante kaka, ila pale ndiko nilikofundishwa kazi, na nafasi yangu wakiitangaza nakushauri uombe." Dada wa vois noti akaweka moyo kwenye jibu hilo. Jamaa mwenyewe akaja inboksi kuuliza kama kweli wanaajiri, nikampa barua pepe ya ofisi.