Nilivyomwomba mnunuzi wa Aarhus malipo ya awali kwa vikapu 400

Mimi ni msukaji na muuzaji wa vikapu vya milulu hapa Iringa, na ninafanya kazi pamoja na akina mama 26 wa vijiji viwili. Oda yangu kubwa ya kwanza kutoka nje ilikuwa ya vikapu 400, na aliyeiagiza ni mama mwenye duka la vyombo vya nyumbani mjini Aarhus, Denmark, ambaye hatukuwahi kuonana wala kufanya biashara naye kabla ya hapo. Alinilipa asilimia 40 kabla sijanunua shina moja la milulu. Najivunia jambo hilo, ila bado nina uchungu nikikumbuka ushauri niliopewa na watu wenye uzoefu kuliko mimi, kwa sababu ulinicheleweshea mwaka mzima.

Kaka mmoja anayesafirisha viungo aliniambia, "Dada yangu, mzungu ukimwomba hela kabla hajaona mzigo anakimbia. Wewe suka, tuma, atalipa." Sikuwa na uwezo wa kumsikiliza hata kama ningetaka, maana wasukaji wangu hulipwa kila Jumamosi na hakuna hata mmoja anayeweza kungoja meli ifike Ulaya. Mwingine alisema kinyume chake: "Mdai asilimia 70, mwambie huo ndio utaratibu wetu, usijieleze. Ukijieleza utaonekana huna nguvu." Huyu ndiye niliyemfuata.

Mnunuzi niliyemfanyia hivyo alikuwa wa Uholanzi, na alitaka vikapu 150. Tulikuwa tumeelewana vizuri kwa wiki tatu, sampuli mbili alizipenda, na bei aliikubali bila kuvutana. Siku aliyosema yuko tayari, nilimwandikia ujumbe mfupi kwenye simu kwamba atume asilimia 70 ili kazi ianze, nikaweka namba ya akaunti yangu binafsi. Alijibu kwa adabu na kuniuliza maswali matatu: fedha hizo zitafanya kazi gani, mzigo utakuwa tayari lini, na nikishindwa kuutoa yeye atarudishiwa vipi. Nami nikajibu kwa mstari mmoja kwamba huo ndio utaratibu wetu kwa wateja wote wapya. Hakuandika tena. Nilimkumbusha baada ya siku kumi, kisha baada ya mwezi, mpaka nikaamua kwamba yule kaka wa viungo alikuwa sahihi.

Hakuwa sahihi. Nilipousoma ujumbe wangu miezi kadhaa baadaye, nikijifikiria mimi ndiye nimekaa Ulaya na fedha zangu, niliona ujumbe wa tapeli. Akaunti ilikuwa ya jina la mtu na si la biashara niliyokuwa nimejitambulisha kwayo. Hapakuwa na hati ambayo angeweza kuipeleka benki au kumwonyesha mhasibu wake, wala tarehe yoyote, na kiasi nilichotaja hakikuwa na msingi. Yule mnunuzi hakukataa kulipa kabla. Maswali yake matatu yalikuwa yananionyesha masharti ya kulipa, nami sikuyajibu.

Kwa hiyo mama wa Aarhus alipokuja, sikuanza na asilimia. Nilianza na daftari. Bei tuliyokubaliana ilikuwa dola 14 kwa kikapu, jumla dola 5,600. Nikajiuliza ni gharama zipi zitanitoka kabla mzigo haujakamilika, ambazo yeye akighairi siwezi kuzirudisha kwa kumuuzia mtu mwingine. Milulu na rangi zilikuwa dola 480, kwa kuwa alitaka kijani cheusi ambacho soko letu halikijui. Ngozi ya mishikio, iliyokatwa kwa kipimo chake, dola 520. Lebo za kitambaa zenye jina la duka lake, dola 140. Nusu ya ujira wa wasukaji, ile inayolipwa kazi ikiwa inaendelea, dola 1,100. Jumla ilikuwa dola 2,240, ambayo ni asilimia 40 kamili ya oda. Nusu nyingine ya ujira na usafiri wa kwenda Dar es Salaam sikuviweka, kwa sababu hivyo ningeweza kuvibeba mwenyewe kwa wiki mbili za mwisho.

Baada ya hapo ndipo nikaandika proforma invoisi, yaani ankara ya awali inayotolewa kabla ya mauzo kukamilika. Wapo wanaoichukulia kama karatasi ya bei tu, lakini kwa mnunuzi mgeni ndiyo hati anayoipeleka kwa mhasibu na benki kueleza kwa nini fedha zinakwenda Tanzania, na benki yangu nayo iliniomba hati hiyohiyo fedha zilipoingia. Niliipa namba na tarehe, nikaandika kwamba inatumika kwa siku 30, nikaweka jina la biashara yangu kama lilivyosajiliwa na kama lilivyo kwenye akaunti ya dola, bila kutofautiana hata herufi. Nilieleza bidhaa kwa ukubwa, rangi na malighafi, nikataja fungu la ushuru 4602 ambalo ni la vikapu, nchi ya asili, na masharti ya makabidhiano: FCA Dar es Salaam, maana yake mimi natoa mzigo nchini kiforodha na kuukabidhi kwa wakala wa usafirishaji aliyemchagua yeye.

Chini ya jumla niligawa malipo mara mbili. Dola 2,240 zilipwe kabla ya kazi kuanza, na dola 3,360 zilipwe mzigo ukiwa umefungwa na kukaguliwa, kabla sijamkabidhi wakala. Kisha nikaongeza sentensi ambayo naiona ndiyo bora kuliko zote nilizoandika: muda wa wiki kumi wa kutengeneza utahesabiwa tangu siku malipo ya awali yanapoingia kwenye akaunti yangu. Sikuhitaji kumkimbiza wala kumkumbusha. Yeye alitaka vikapu viwe dukani kabla ya majira ya joto, akahesabu mwenyewe kwamba kila siku anayochelewa kulipa anaipunguza kwenye mauzo yake.

Sababu niliziandika kwenye barua pepe iliyoambatana na hati, si ndani ya hati yenyewe. Niliorodhesha yale mafungu manne na kiasi cha kila moja, nikamweleza kwamba rangi na lebo ni za duka lake peke yake, na kwamba wasukaji wanalipwa kila wiki. Sikuomba radhi, wala sikumweleza shida zangu za nyumbani. Nikajibu pia swali ambalo hakuwa ameuliza, lile la tatu la Mholanzi: nikichelewa zaidi ya wiki nne baada ya tarehe niliyoahidi, nitamrudishia malipo yote ya awali akitaka kuvunja oda, yeye akighairi kabla milulu haijatiwa rangi, nitamrudishia yote isipokuwa makato ya benki, akighairi baada ya hapo, hairudi.

Alijibu kesho yake. Asilimia 40 hakuigusa hata kidogo, bali alipinga malipo ya pili, akitaka kulipa mzigo ukishafika Aarhus. Nilimwambia ukweli kwamba wakala wa meli ni wake na analipwa naye, hivyo mzigo ukishaingia kwenye ghala la wakala mimi sina tena mkono wa kuuzuia. Nilimpa njia nyingine: atume mtu anayemwamini Dar es Salaam ahesabu katoni na kufungua chache azichague mwenyewe, kisha alipe. Barua ya dhamana ya malipo kupitia benki tuliizungumzia pia, tukaiacha, kwa sababu ada za benki za pande zote mbili zingemeza sehemu kubwa ya faida kwenye oda ya dola elfu tano na kitu. Alikubali ukaguzi.

Hapo nilidhani tumemaliza, kumbe kulipa kwenyewe kulikuwa na kikwazo. Fomu ya benki yake ilimdai IBAN, namba ndefu ya akaunti inayotumika Ulaya, na akaunti za Tanzania hazina IBAN. Alinitumia ujumbe wenye wasiwasi akiuliza kwa nini nimeficha namba hiyo. Nilimweleza kwamba achague malipo ya nje ya Ulaya, ajaze namba ya akaunti ya kawaida pamoja na SWIFT, yaani msimbo wa kuitambulisha benki kimataifa, jina la tawi na anwani yake. Sasa maelezo hayo yapo kwenye proforma zangu zote, kwa sababu mnunuzi asiyejua jambo hilo anaweza kuona dalili ya ulaghai mahali ambapo haipo. Pembeni yake nimeandika pia kwamba namba za akaunti hazitabadilishwa kamwe kwa barua pepe, na akipokea ujumbe wa namna hiyo anipigie simu kwanza. Wapo wezi wanaoingia katikati ya mawasiliano na kutuma akaunti yao wakati malipo yanapokaribia.

Siku mbili baadaye alinitumia nakala ya ujumbe wa SWIFT kutoka benki yake kuonyesha kwamba ametuma. Akina mama walitaka kuanza siku hiyohiyo, nikawazuia, kwa kuwa nakala si fedha na nakala za kughushi zipo. Tulianza siku ya tano, benki iliponithibitishia kwamba fedha zimeingia. Ziliingia dola 2,212. Dola 28 zilikatwa njiani na benki ya kupitishia, kwa sababu hakuna mahali nilipoandika kwamba mtumaji abebe makato yote, chaguo ambalo kwenye fomu huandikwa OUR. Sikumsumbua kwa jambo hilo wakati ule. Nilimtaarifu kwa barua fupi, nikaweka zile 28 kwenye salio, likawa dola 3,388, na safari hiyo nikaandika OUR kwa maandishi mazito. Zilifika zote.

Mkaguzi wake alifungua katoni tano, akavuta mishikio kwa nguvu mpaka nikaingiwa na hofu, akapiga picha. Malipo yalipoingia nilimkabidhi wakala mzigo mchana uleule.

Miezi minne baadaye aliagiza tena vikapu 400 vya rangi ileile, akauliza kama sasa, kwa kuwa tunajuana, naweza kupokea asilimia 25. Sikumjibu papo hapo. Nilirudi kwenye daftari: lebo tulilazimika kutengenezesha 1,000 mara ya kwanza, kwa hiyo zilibaki 600, na fundi wa ngozi alikuwa amekubali kulipwa kazi ikiisha. Zilibaki milulu, rangi na nusu ya ujira, dola 1,580, ambazo ni asilimia 28 na kitu. Nilimtumia hesabu hiyo pamoja na proforma mpya, naye alilipa kiasi hichohicho bila kuuliza lolote.