Jinsi tulivyofungua 27^(-2/3)

Mpwa wangu hapa Kondele, Kisumu, alikuwa amepata -18, maana alizidisha 27 kwa kipeo chake. Nikamwandikia daftarini: 3^2 = 9, 3^1 = 3, 3^0 = 1. Kipeo kikishuka kwa 1, jibu linagawanywa kwa 3.

"Haya, endelea kushuka."

Akaandika 3^(-1) = 1/3, 3^(-2) = 1/9. "Kumbe haligeuki kuwa hasi, Mjomba!" Ndiyo, kipeo hasi hupindua tu.

Sehemu nayo? Ukizidisha 27^(1/3) × 27^(1/3) × 27^(1/3), vipeo vinajumlishwa kuwa 1, unapata 27. Basi 27^(1/3) ni kipeuo cha tatu, yaani 3. Mimi huanza na kipeuo, la sivyo utahangaika na 27^2 = 729. Halafu 3^2 = 9, pindua: 1/9.