Roda mbili, kamba tatu, jibu likawa 200 N badala ya 300 N: nilivyolirekebisha

Mchoro ulikuwa na roda moja iliyofungwa darini na nyingine inayosogea, yenye mzigo wa 600 N. Kamba imefungwa darini, inapita chini ya roda inayosogea, inapanda hadi ya juu, kisha inashuka mkononi. Swali lilitaka nguvu ya mkono inayohitajika kuinua mzigo. Nilihesabu vipande vyote vitatu vya kamba hiyo kama kamba tatu, nikagawanya 600 kwa 3, nikapata 200 N. Kuhesabu roda kulinipa 300 N, lakini kwa bahati tu. Mpangilio mwingine ungenikosesha.

Kilichofanya kazi ni kuizungushia penseli roda inayosogea pamoja na mzigo wake, kisha kuhesabu kamba zinazokatwa na duara hilo. Ni mbili: 600 ÷ 2 = 300 N. Kamba ya mkononi inashuka kutoka roda ya juu. Haiinui mzigo, inageuza tu mwelekeo wa nguvu.

Kamba ikifungwa kwenye roda inayosogea yenyewe, ipite juu ya roda ya darini, irudi kupita chini ya roda inayosogea na kuvutwa kwenda juu, duara hukata tatu. Hapo 200 N ndiyo sahihi.

Hakiki kwa umbali: mzigo ukipanda mita 1, mchoro wa kwanza huvuta kamba mita 2, wa pili 3. Hesabu hizi hazihusishi msuguano wala uzito wa roda.