Kwa nini TV ya mama ilichaji simu tone kwa tone, na nilivyolitatua tatizo hilo

Nyumbani kwa wazazi umeme wa gridi haujafika. Wana paneli moja ya sola, betri ya asidi ya volti 12 yenye uwezo wa Ah 50, taa chache na TV ya inchi 24 inayotumia volti 12 moja kwa moja. Simu walikuwa wakiipeleka kuchajiwa dukani kwa malipo, mpaka mtu alipomwonyesha mama kwamba nyuma ya TV kuna tundu la USB. Tangu hapo simu ikahamia kwenye TV. Nilipofika likizo mama akaniambia, "Mwanangu, nimeichomeka tangu magharibi, tumemaliza taarifa ya habari na mchezo wote, na bado haijafika hata nusu. Na taa siku hizi zinazimika kabla ya alfajiri." Sikujua wakati ule kwamba malalamiko hayo mawili yalikuwa tatizo moja.

Nilikuwa na kile kipimo kidogo cha USB kinachochomekwa katikati ya tundu na waya, kinachoonyesha volti na ampea. Nilikiweka kwenye TV, simu ikiwa chini ya nusu. Kikasoma volti 4.9 na ampea 0.46. Halafu nikachukua waya uleule na simu ileile, nikavipeleka kwenye chaja ya ukutani kwa jirani mwenye jenereta. Kikasoma ampea 1.5 na zaidi kidogo. Jaribio hili ni la lazima kabla ya kununua chochote, kwa sababu linatenganisha lawama. Waya ungekuwa mbovu, ungebana umeme kote kuwili. Simu ingekuwa na tundu chafu au betri iliyochoka, ingejikongoja hata kwa jirani. Kilichobadilika ni mahali umeme ulipotoka tu. Mdogo wangu alikuwa tayari ameshanunua waya mnene akitumaini utasaidia, na kwenye TV ulisoma 0.46 ileile.

Sababu iko kwenye nyaya mbili ambazo watu wengi huwa hawazifikirii. Ndani ya waya wa USB wa kawaida mna nyaya nne: nyekundu na nyeusi hubeba umeme, nyeupe na kijani hubeba data. Simu ikichomekwa hubisha hodi kwanza. Inaweka volti kidogo, kama 0.6, kwenye waya mmoja wa data, kisha inasikiliza kwenye wa pili. Ndani ya chaja halisi nyaya hizo mbili zimeunganishwa pamoja, kwa hiyo volti ile inarudi, na simu inaelewa kwamba imefika kwenye chaja na inaweza kuvuta hadi ampea 1.5. Utaratibu huu unaitwa BC 1.2 na umekuwepo tangu 2010.

Kwenye TV nyaya za data hazijaunganishwa hivyo. Zinaingia kwenye chipu ya TV, ambayo kazi yake ni kusoma picha na sinema kwenye flashi, na chipu hiyo inazivuta zote chini karibu na sifuri. Volti ya simu hairudi. Simu inahitimisha kwamba iko kwenye kifaa cha data, na kanuni ya USB 2.0 ya vifaa hivyo inasema hivi: simu ivute hadi miliampea 100 kabla kifaa hakijaikubali, na hadi miliampea 500 baada ya kuikubali. Kwa hiyo anayebana mkondo ni simu yenyewe, kwa kutii kanuni. TV ingeweza kuwa na umeme wa kutosha ndani yake na bado simu isingeomba zaidi. Ndiyo maana kando ya tundu lile kumeandikwa 5V 0.5A, na ile 0.46 yangu ilikuwa karibu kabisa na kikomo hicho.

Ruta nazo ziko hivyohivyo, kwa sababu tundu lake limewekwa kwa ajili ya flashi au printa. Huko kuna kikwazo cha ziada: adapta. Ruta inayokuja na adapta ya volti 12 na ampea 1 ina wati 12 kwa kila kitu, redio zake za Wi-Fi zikiwemo. Hata kama simu ingeomba wati 7 kutoka humo, ruta ingeweza kujizima na kujiwasha yenyewe.

Turudi kwa mama. Volti 4.9 mara ampea 0.46 ni wati 2.25 hivi. Baadhi hupotea kuwa joto, kwa hiyo betri ya simu inapata karibu wati 1.9. Betri ya simu yake ni ya mAh 5000 kwa volti 3.8 hivi, yaani wati-saa 19, au Wh 19, kwa makadirio. Ukigawa unapata saa 10, na hapo simu imelala mezani haiguswi. Mama akipiga simu ya video huku imechomekwa, skrini na mtandao vinakula karibu chote kinachoingia, na asilimia inasimama palepale.

Lililonishtua zaidi ni hili: tundu lile hufa TV ikizimwa. Ili simu ijae, TV lazima iwake. TV yao inakula kama wati 22, na kwa saa 10 hizo ni Wh 220. Betri ya Ah 50 kwa volti 12 ina Wh 600, lakini betri ya asidi haifai kuvutwa chini ya nusu, kwa hiyo wana Wh 300 tu za kutumia usiku. Theluthi mbili na ushee zilikuwa zinaondoka kuijaza simu inayohitaji Wh 19. Taa zilizozimika kabla ya alfajiri zilikuwa zimeliwa na kuchaji.

Mdogo wangu alipendekeza tukate waya na kuziunganisha nyeupe na kijani upande wa simu, ili simu idanganyike iombe ampea 1.5. Nilikataa. TV ina ulinzi unaokata tundu mkondo ukizidi, na pale ambapo ulinzi ni hafifu, kinachoungua ni saketi ya TV yenyewe.

Nilichofanya ni kununua soketi ya chaja ya gari na chaja yake yenye maandishi 5V 2.4A. Chaja ya gari imetengenezwa kwa volti 12, ambayo ndiyo iliyokuwepo, na nyaya zake za data zimeungwa kama za chaja ya ukutani. Soketi niliiunga kwenye kontrola ya sola, kile kifaa kilicho kati ya paneli na betri, kwenye vituo vya kuungia waya vyenye alama ya taa, nikaweka fyuzi ya ampea 5 kwenye waya chanya. Sikuiunga moja kwa moja kwenye betri, kwa kuwa chaja ya gari haijui betri imechoka na ingeendelea kuinyonya. Vile vituo vya taa hukatwa na kontrola volti zikishuka hadi karibu 11.

Kipimo kikasoma ampea 1.5. Simu inajaa kwa saa tatu na nusu hivi, kwa sababu asilimia za mwisho hupungua mwendo wenyewe, na betri ya sola inatoa kama Wh 28 kwa kazi nzima. Baba sasa anazima TV mara taarifa ya habari ikiisha, na mama amehamishia simu kwenye soketi mchana, jua likiwa kali na paneli ikizalisha kuliko wanachotumia.