Siku moja maishani mwangu: bendera nyekundu ya ukumbini Kiponda

Kazi yangu ni kutengeneza picha za rangi ya mafuta zilizoumia. Hapa Unguja zinaumia kwa chumvi, kwa mchwa na kwa dari zinazovuja. Kuna siku lakini siitwi kutengeneza, naitwa kusema picha ni ya lini. Juzi ilikuwa siku ya namna hiyo, nimeiandika ilivyokwenda.

Saa 1 asubuhi. Nimekunywa chai na mkate wa mofa barazani, nikaingia mtaa wa Kiponda kabla jua halijapanda. Bi mkubwa mwenye nyumba alikuwa keshaamka zamani. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu, pita." Picha ipo ukumbini juu ya kabati la vyombo: majahazi matatu bandarini jua likizama, na kubwa lao linapeperusha bendera nyekundu tupu. Haina sahihi mbele wala nyuma. Ukoo unasema babu mzaa babu alitunukiwa wakati wa Sayyid Barghash, na ushahidi wao ni hiyo bendera: ni ya Sultani, basi picha ni ya enzi zake. Sikusema kitu, ingawa Barghash alifariki 1888 na bendera ile nyekundu iliendelea kupepea Unguja mpaka 1963.

Saa 2. Tumeishusha, mimi na mjukuu wake, tukailaza kifudifudi juu ya blanketi. Wateja wengi hushangaa kwamba saa nzima ya kwanza siangalii sura ya picha. Nyuma ndiko watu hawakujipamba.

Kitambaa ni pamba, ufumaji wa moja juu moja chini. Mjukuu, ambaye usiku alikuwa amejisomea kwenye simu, akaniwahi: "Anko, wanasema ya zamani ni kitani, pamba ni za juzijuzi." Kwa picha ya Paris au London hoja hiyo ina uzito. Hapa ndugu yangu kuna merikani. Pamba ngumu isiyopaushwa ilikuwa ikishushwa Unguja na wafanyabiashara wa Salem, Marekani, tangu miaka ya 1830, na mtu aliyetaka kuchora hapa bila kuagiza turubai Ulaya alikuwa na merikani dukani, au kitambaa cha tanga. Basi pamba hapa haiwi ushahidi wa upya, wala wa uzee, maana merikani iliuzwa miaka mingi mno.

Kitu kimoja lakini kilinipa faida. Rangi nyeupe ya chini, ile inayopakwa kabla ya kuchora, inaishia pale kitambaa kinapopinda ukingoni. Turubai la dukani lililokuja tayari limepakwa hukatwa kutoka kwenye jora, kwa hiyo weupe hufika mpaka mwisho wa kitambaa. Hili limewambwa kwanza, likapakwa baadaye, kwa mkono.

Saa 2 na nusu. Kiunzi, yaani zile mbao nne zinazokishika kitambaa kwa ndani, ni mfenesi. Pembe zimepigwa misumari, hazina vile vipande vya kabari ambavyo viunzi vya Ulaya huwa navyo ili kitambaa kikilegea uvigonge kikaze tena. Mwenye haraka angesema: hakuna kabari, ni kiunzi cha kale sana. Mimi nasema ni seremala wa hapa, alifanya alivyojua.

Na tena si kiunzi chake cha kwanza. Nilipofungua misumari ya upande mmoja nikaona ukingo wa kitambaa una safu mbili za matundu. Safu moja inaoana na misumari iliyopo. Nyingine ina duara za kutu kila tundu, lakini kwenye mbao mbele yake hamna tundu wala alama. Misumari iliyoacha kutu ile haikuingia kwenye mfenesi huu hata siku moja. Picha iliwahi kuwambwa kwingine, na kiunzi hiki, kiwe cha mwaka gani, hakiwezi kunipa umri wake.

Saa 3 na nusu. Tumeigeuza. Sasa nyufa, na hapa ndipo ninapokaa sana, na kikombe cha pili cha chai kikapoa.

Mstari wa kwanza wa nyufa unakwenda sambamba na ukingo, kiasi cha sentimita tano ndani. Mbao za sasa zina upana wa sentimita tatu tu. Halafu kuna mstari wa wima katikati kabisa, na nyuma yake leo hamna mti wowote. Rangi hupenda kupasuka ulipo ukingo wa mti, kwa sababu kitambaa kilichofunikwa na ubao hakichezi sawa na kilichoachwa wazi hewa inapobadilika. Nyufa hizi zinachora kiunzi cha zamani: mbao pana, na mmoja katikati. Matundu ya kutu yamepata shahidi wa pili.

Kwingineko nyufa ni chache. Mjukuu alidhani hilo ni dalili mbaya, picha ya zamani si lazima iwe imepasuka kama tope kavu? Wavu wa nyufa unasukwa na ukavu na joto la majumba yenye moto ndani wakati wa baridi, rangi inakauka, inanywea, inakatika. Sisi tatizo letu ni unyevu. Masika gundi iliyo chini ya rangi inalainika, rangi inabanduka vipande kabla haijapata nafasi ya kupasuka vizuri. Ukiona picha ya Unguja ina wavu wa nyufa mzuri ajabu, umeenea sawa pote, wewe jiulize nani aliikunja makusudi ili ipasuke.

Saa 5. Sahibu yangu mjiolojia ameshuka boti ya asubuhi kutoka Dar na mashine yake ya eksirei ya mkononi, anayoitumia kupimia mawe. Inapiga miale, kila elementi inajibu kwa nishati yake, jibu linatoka kama vilima kwenye kioo. Inasoma elementi nzito tu, rangi zilizotokana na mimea au kemikali za kaboni haizioni, na inasoma tabaka zote kwa pamoja bila kukwambia ipi iko juu. Kwa hiyo kabla hajawasha nilifunga madirisha nikapitisha taa ya urujuanimno, ile ile wanayokagulia noti bandia.

Tanga liling'aa kimanjano, kama zinki inavyofanya. Vanishi ikatoa kijani cha ukungu. Na kwenye pembe ya juu kushoto, angani, pakaonekana baka jeusi lenye ukubwa wa kiganja, limekaa juu ya vanishi. Mtu alitia mkono baadaye. Bendera haikuwa na baka.

Saa 5 na nusu. Tumepima sehemu saba, dakika moja kila mahali. Kwenye tanga: risasi, zinki, na kilima kidogo ambacho sahibu yangu alikitaja kwa furaha, "Titani!" Ingekuwa titani mambo yangekuwa yamekwisha, nyeupe ya titani haikuwepo madukani kabla ya mwisho wa miaka ya 1910. Lakini bari, metali nyingine, nayo inasimama karibu palepale, na bari imetiwa kwenye rangi nyeupe tangu karne ya 19 kuongeza ujazo. Nikamwomba atazame mbali kulia, kwenye nishati ya kiloelektronivolti 32, ambako bari ina kilima cha pili na titani haina. Kilikuwepo. Basi ni bari. Tulipopima lile baka la angani, kilima cha kwanza kikapanda mara nyingi, cha kulia kikabaki vilevile. Ile ndiyo titani, na imo kwenye baka peke yake.

Kutokuwepo titani kwenye picha yenyewe hakuithibitishi kuwa ya kale. Mchoraji anaweza kutumia risasi na zinki mwaka wowote, makopo hudumu. Rangi inayofunga mlango ni ile iliyopo.

Tukapima bendera. Kadmiamu, na seleniamu. Wawili hao pamoja ni nyekundu ya kadmiamu, ambayo wachoraji walianza kuinunua kwenye mirija karibu na mwaka 1910. Sayyid Barghash alikuwa keshazikwa zaidi ya miaka ishirini.

Saa 7 mchana. Swala, kisha wali na mchuzi wa papa. Sikusema kitu mezani. Swali moja lilikuwa bado: je, bendera ilichorwa pamoja na picha, au mtu aliiongeza baadaye juu ya jahazi la zamani ili liwe la Sultani? Ikiwa imeongezwa, kadmiamu haihukumu picha, inamhukumu aliyeongeza.

Saa 8. Kioo cha kukuza mara kumi. Ufa mmoja unatoka angani, unakata bendera, unatokea upande wa pili. Ndani ya bendera midomo yake ni mikali, na ndani mna vumbi jeusi lilelile la angani. Rangi inayopakwa juu ya ufa uliokwishakuwepo hutiririka ikaujaza, na ndivyo ilivyo kule kwenye baka: nyufa zinafika zinazama kwenye rangi laini, hazionekani tena. Kwenye bendera hamna tone jekundu lililoingia ndani ya ufa.

Hata hivyo ufa unathibitisha tu kwamba bendera ilikuwepo kabla picha haijapasuka. Ingeweza kuongezwa mwaka wa tatu, wa tano. Kilichonimalizia kazi ni kigamba kimoja kilichodondoka ncha ya bendera, kidogo kuliko punje ya mchele. Chini ya wekundu pana weupe wa rangi ya kwanza moja kwa moja. Hakuna samawati. Mchoraji alipopaka anga aliiachia bendera nafasi yake.

Saa 10 alasiri. Nikamwambia Bi mkubwa: kabla ya 1910 haiwezekani. Ilichorwa, naamini, hapa hapa, na mtu asiyeagiza turubai Ulaya lakini aliyepata rangi za mirija. Kitambaa na mkono wa maandalizi vinaelekea huko, ingawa hilo siliapii. Mwisho wake ni mgumu zaidi. Nilimwambia ningeiweka kabla ya 1940, na kwamba hayo ni makadirio yangu, mashine haikuyasema.

Akanyamaza, akaisogelea. "Na hilo baka unalosema, la juu?"

"La baadaye, bibi. Rangi nyeupe ya titani iliyochanganywa na buluu kidogo. Naweza kuliondoa."

Akacheka mpaka akashika kabati. "Hiyo rangi ya mlango! Dari ilivuja masika, marehemu kaka yangu akapanda juu ya kiti, akachovya kopo la milango ya buluu. Mama alimpiga na kandambili." Akaligusa baka kwa ncha ya kidole. "Hili usiniondolee."

Nimeandika kwenye daftari: kubandua vanishi kwingine kote, kushikiza vigamba vya bendera, baka libaki.