Nilivyotenganisha maoni mabaya na maoni yanayovunja kanuni

Januari, wageni wakiwa wengi, nyumba ya wageni ninayoisimamia mtaa wa Langoni hapa Lamu ilipata maoni matatu ya nyota moja kwenye Google ndani ya siku tisa. Mwenye nyumba ni mjomba wangu, na alitaka niyaripoti yote siku hiyohiyo. Nilimwomba anipe usiku mmoja niyasome pamoja na kanuni, kwa sababu Google haifuti maoni kwa kuwa yamemuumiza mwenye biashara, wala haiamui kati ya mgeni na mwenyeji ni nani mkweli. Kinachopimwa ni kama maandishi yenyewe yamevunja kanuni.

La kwanza halikunichukua muda. Mwandishi alilalamikia ndege iliyochelewa kutua Manda na kinyesi cha punda vichochoroni, na juu ya vyumba vyetu hakuandika neno. Hayo ni maoni nje ya mada. Lau angesema kwamba mlio wa punda ulimnyima usingizi chumbani, yangekuwa halali, kwani hapo anaeleza alivyolala kwetu. Niliripoti, na baada ya siku chache yaliondolewa.

La pili lilinikosesha raha. Mgeni alisema kwamba boti ya kumvusha kwenda uwanja wa ndege ilichelewa, jambo ambalo ni kweli, lakini chini yake aliandika majina kamili ya dada anayepokea wageni pamoja na nambari yake ya simu ya mkononi. Kufikia adhuhuri dada huyo alikuwa amepigiwa na watu watatu asiowajua. Lawama juu ya huduma inaruhusiwa, ila taarifa binafsi za mtu, zikitolewa bila ridhaa yake, haziruhusiwi hata zikiwa sahihi. Shida ni kwamba hatukuwa na njia ya kuiondoa nambari peke yake: maoni yakiondolewa, lawama ya kweli huondoka nayo. Niliripoti kwa ajili ya usalama wa dada, kisha nikamwandikia mgeni kwa barua pepe aliyotumia kuweka nafasi, nikamwomba radhi kwa boti na kumweleza kwamba yuko huru kuandika upya bila jina wala nambari. Aliandika, akatupa nyota mbili. Nilipomjibu hadharani sikutaja chumba alicholala wala tarehe alizokaa, kwa kuwa jibu la mwenye biashara nalo linafungwa na kanuni zilezile.

La tatu ndilo lililonifundisha zaidi. Lilisema maji ya bafuni ni ya chumvi na jikoni ni pachafu, kana kwamba limeandikwa na mgeni wa kawaida. Jina la akaunti halikunijulisha kitu, lakini katikati palikuwa na sentensi hii: “Miezi minane niliyokuwa humo jikoni sikuona tangi likisafishwa.” Mgeni hakai jikoni miezi minane. Mwandishi alikuwa mpishi wetu wa zamani, na kanuni za Google zinahesabu maoni ya mfanyakazi wa sasa au wa zamani juu ya mahali pake pa kazi kuwa mgongano wa maslahi. Ripoti yangu ya mwanzo ilikataliwa, nami naielewa sababu: nilichagua aina ya kosa tu, bila maelezo, na anayeyasoma akiwa mbali haoni mgongano wowote. Rufaa hukatwa mara moja tu, hivyo sikuandika kwamba anasema uongo, kwani huo ungekuwa ubishi wa ukweli usioamuliwa huko. Niliinukuu sentensi ile ya miezi minane na kueleza kwamba inaonyesha mwandishi alikuwa mwajiriwa. Maoni yaliondolewa. Hata hivyo tangi tulilifungua, na lilikuwa na tope, tukalisafisha.

Nilipokuwa nikiandika rufaa hiyo ndipo nilipokumbuka maoni ya nyota tano aliyoyaandika mtoto wa mjomba mwaka uliotangulia. Msimu ukifika yeye huwapokea wageni gatini na kuwabebea mizigo, na hulipwa kwa kazi hiyo. Alijiandika kama msafiri aliyevutiwa na baraza letu. Nilimwendea mjomba baada ya alasiri.

“Mjomba, hili la binamu ni kosa lilelile tulilomshtakia mpishi.”

“Lakini yeye ametusifu, mwanangu.”

Nilimweleza kwamba kanuni haitazami sifa wala lawama, bali inatazama uhusiano ambao msomaji amefichwa, na kwamba yule anayechagua pa kulala kwa kumwamini binamu amepotoshwa sawasawa na yule aliyemwamini mpishi. Alinyamaza kwa muda, kisha akamwita mwanawe. Binamu aliyafuta mwenyewe mbele yetu, na wastani wetu wa nyota ukashuka kidogo jioni hiyo.