Picha tatu za daftari, ankara moja

Naoka mikate na skonzi hapa Mbeya, na mteja wangu mkubwa ni mama mmoja mwenye maduka matatu: Uyole, Mwanjelwa na Ilomba. Kila jioni wauzaji wake huandika oda kwenye daftari, wanapiga picha na kunitumia kwa WhatsApp. Mama anataka ankara moja tu, na muokaji wangu anataka karatasi moja ukutani kabla hajaanza kukanda.

Zamani nilikuwa nasoma picha huku nikijumlisha kichwani. Siku moja Uyole waliandika skonzi 20, Mwanjelwa 15, Ilomba 10. Nikaandika 45, tukaoka pakiti 45, na asubuhi zikapelea. Kurudi kwenye picha nikaona Mwanjelwa wameandika "dzn" pembeni, yaani dazeni. Pakiti yetu ina skonzi 6, kwa hiyo dazeni 15 ni pakiti 30.

Tangu hapo sijumlishi chochote wakati nasoma picha. Kila mstari wa daftari unapata mstari wake kwenye jedwali la simu, kama ulivyoandikwa: A namba ya picha, B duka, C bidhaa, D idadi, E kipimo. Safu ya F ndiyo inayogeuza kila kitu kuwa kimoja kimoja:

```
=IF(E2="pakiti",D2*6,IF(E2="dazeni",D2*12,IF(E2="moja",D2,"ULIZA")))
```

Hilo neno ULIZA ndilo lililoniokoa. Ilomba huwa hawaandiki kipimo. Mwanzoni fomula yangu ilichukulia kwamba pasipo na kipimo ni moja moja, na oda ya skonzi 10 ikahesabiwa skonzi 10 kweli. Sasa inanilazimisha nipige simu. "Shikamoo dada," akaniambia yule kijana, "ni pakiti hizo, huku nani ananunua skonzi moja?"

Wauzaji pia hurekebisha oda. Mwanjelwa walituma picha yenye mikate 30, saa moja baadaye wakatuma nyingine yenye 36. Ukiziingiza zote, umeoka 66. Mstari wa zamani siufuti, maana kesho tutabishana. Kwenye safu ya G naandika "imefutwa", na mistari mingine yote inabaki "hai". Jumla inachukua iliyo hai peke yake:

```
=SUMIFS(F:F,C:C,"skonzi",G:G,"hai")
=COUNTIF(F:F,"ULIZA")
```

Fomula ya pili lazima isome 0 ndipo niamini ya kwanza, kwa sababu SUMIFS huruka maneno kimyakimya. Jumla inaonekana nzuri kumbe duka zima halimo.

Usiku huo wa picha mbili za Mwanjelwa, skonzi zilikuwa 120, 180 na 60, jumla 360. Trei yetu inabeba 24, kwa hiyo ni trei 15. Mikate ilikuwa 24, 36 na 17. Hiyo 17 ya Ilomba niliisoma 11, hadi nilipoilinganisha na 7 nyingine kwenye ukurasa uleule, maana yule kijana haikati 7 yake kwa kistari. Jumla 77, nikaongeza 3 ya akiba.

Muokaji hahitaji kujua duka lipi limeagiza nini. Anahitaji uzito. Mkate wa gramu 400 tunaukata gramu 450 ukiwa mbichi, kwa sababu maji mengine huondoka ndani ya tanuri. Mikate 80 ni donge la kilo 36. Kwa mchanganyiko wetu kilo 1 ya ngano hutoa donge la kilo 1.7 hivi, basi ngano ni kilo 21 na kidogo. Karatasi ya ukutani ina namba hizo, trei, na saa ya kuanza. Mwezi wa saba baridi ya huku huchelewesha donge kuumuka, kwa hiyo oda nafunga saa moja usiku. Anayechelewa atauziwa ile akiba.

Ankara haitokani na karatasi hiyo, wala na kilichoagizwa. Nina safu ya H, ya kilichopokelewa, ambayo dereva ananisomea akirudi. Ilomba walikataa pakiti moja iliyobonyea, wakapokea 9. Mkate namuuzia mama 1,200, pakiti ya skonzi 800. Uyole ikawa 44,800, Mwanjelwa 67,200, Ilomba 27,600. Jumla 139,600, ankara moja, lakini kila duka na mistari yake na namba ya picha pembeni.

Wiki hiyo mama alinipigia: "Mwanangu, mbona Mwanjelwa mikate 36? Mimi nimeambiwa 30." Nikamtumia picha ya pili. Akacheka, akasema atamalizana na mtu wake.